Mwenzangu hunikaribisha "nimalizie kidogo": tupokezane vipi ukumbini?

*Mshauri wetu mpendwa,*

*Mimi ni afisa lishe katika moja ya halmashauri za mkoa wa Dodoma. Kwa miaka miwili sasa, mimi na afisa kilimo mmoja tunatumwa pamoja kuzungumza na wakulima, watunza maghala na akina mama kuhusu sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, katika mahindi na karanga. Yeye amenizidi umri na amekaa kazini muda mrefu kuliko mimi, nami humwita kaka kwa heshima zote. Hatujawahi kugombana.*

*Tatizo langu ni zile sekunde chache ambazo yeye anamaliza na mimi naanza. Hutangulia kwa dakika 25 akieleza kuvuna, kukausha, kuchambua na kuhifadhi, kisha husema: "Basi, mimi naishia hapo, dada yangu atamalizia kidogo upande wa lishe." Mara ya mwisho, katika ukumbi mmoja hapa mjini, alisema, "Namkaribisha mama yetu wa lishe aongezee," na watu wakacheka, maana mama lishe kila mtu anamjua ni nani. Nilisimama watu wakifunga madaftari. Nikasalimia, nikarudia itifaki, nikaeleza mimi ni nani na nimesomea nini, na nilipofika kwenye uji wa mtoto, dakika tatu zilikuwa zimekwisha kati ya kumi na tano zangu. Baadaye mzee mmoja aliniuliza kama mimi ndiye ninayemwendeshea slaidi. Maswali yote aliulizwa yeye, hata lile la mtoto aanze lini kula.*

*Inaniuma kwa sababu ninayoyaona jikoni hakuna mwingine anayeyasema. Nimekuta beseni la mahindi yaliyochambuliwa na kukataliwa, yenye ukungu, yakisubiri kusagwa unga wa uji. Baada ya wiki sita tutazungumza tena mbele ya viongozi wa vyama vya ushirika na maafisa ugani, dakika 40 kabla ya maswali. Sitaki kumvunjia heshima kaka yangu, ambaye mimi mwenyewe nikifungua mazungumzo humtambulisha kuwa ni mwalimu wangu aliyenifundisha kazi hii. Je, nimwambie? Niombe anitambulishe kwa cheo na elimu yangu? Au niombe kila mmoja apewe kipindi chake?*

*Afisa Lishe, Dodoma*

Dada yangu mpendwa,

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye lile beseni. Umelitaja kwa sentensi moja kisha ukapita, lakini nadhani ndani yake mna sehemu kubwa ya unachokitafuta, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo kabla ya kugusa habari ya maneno ya kukaribishana.

Sumukuvu haitapakai sawasawa katika gunia. Punje chache zilizooza, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu yote, na ndiyo maana kaka yako anawafundisha watu kuchambua. Ushauri wake ni sahihi kabisa. Hata hivyo, mkulima akiufuata barabara, anachopata ni vitu viwili, yaani gunia safi la kupeleka sokoni au ghalani, na beseni ambalo sasa limekusanya sehemu kubwa ya sumu iliyokuwa katika gunia zima. Mazoea ya kutotupa chakula, hasa katika mkoa wetu unaopata msimu mmoja tu wa mvua, hulipeleka beseni hilo kwa kuku, kwenye pombe, au kwenye kinu cha unga wa uji, na kwa kuwa moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo, anayeipokea ni mtoto. Kwa maneno mengine, somo la kaka yako likisikika peke yake, bila lako, linaweza kumwacha mtoto mahali pabaya kuliko alipokuwa kabla ya somo.

Na lako nalo liko hivyo hivyo likisikika peke yake. Unapowaambia akina mama waongeze karanga katika uji, unawaambia waongeze zao linaloshambuliwa na sumukuvu kwa urahisi kama mahindi, na ambalo linahitaji kukaushwa zaidi ya mahindi kabla ya kuhifadhiwa. Bila kaka yako kueleza karanga ipi ni salama, ushauri wako mzuri unaweza kuwa mlango wa sumu. Nimekaa juu ya jambo hili kwa makusudi. Watu wengi wanaozungumza wawili wawili wanahangaika kutafuta maneno ya kumfanya mwenzao aonekane muhimu, ilhali mada yao wenyewe haina pengo la mtu wa pili. Ukimwondoa mmoja, mwingine anabaki mzima, na hapo hakuna utambulisho unaoweza kusaidia. Ninyi mna bahati ya kuwa na mada ambayo kila mmoja akitolewa, mwingine anakuwa hatari. Kazi ya maneno ya kupokezana ni kulifanya pengo hilo lionekane kwa msikilizaji kabla anayeliziba hajasimama.

Sasa tuyaangalie maneno yenyewe. "Atamalizia", "ataongezea", "kidogo", "upande wa lishe". Katika Kiswahili chetu, anayemalizia ni anayefuta meza baada ya wageni kula, na anayeongezea analeta chumvi katika mchuzi uliokwisha kuiva. Msikilizaji hahitaji kuambiwa kwamba jambo kuu limepita, kwa sababu kitenzi kimekwisha kumwambia, ndiyo maana wanafunga madaftari. "Naishia hapo" nayo ina ubaya wake wa pekee, kwa kuwa inafunga mada nzima badala ya kuiacha wazi, na anayefuata analazimika kuifungua upya kwa nguvu zake mwenyewe.

Lakini hapa ningependa kukuuliza jambo, na ulipokee kama swali la mtu anayekupenda. Unaposimama wewe kwanza na kumwita kaka yako mwalimu wako aliyekufundisha kazi hii, ukumbi unasikia nini? Ninaamini unasema kweli na kwa adabu njema. Hata hivyo, umewapa watu ngazi ambayo yeye yuko juu na wewe uko chini, na yeye anaposema baadaye kwamba dada yake atamalizia, anaifuata ngazi uliyoijenga wewe. Heshima ya umri ina mahali pake, katika salamu, katika kumpisha kiti, katika kumwita kaka. Nafasi ya kumtambulisha mzungumzaji ni ya jambo jingine, la kumwambia msikilizaji kwa nini mtu huyu anahitajika katika dakika hii. Hayo mawili yakichanganywa, yule mdogo kwa umri hupotea, hata kama hakuna aliyekusudia.

Na je, una hakika kwamba anajua utakachosema? Sisemi kwamba hajali. Ninachosema ni kwamba nimewaona wazungumzaji wengi ambao, zamu yao ikiisha, huketi na kuanza kupanga karatasi, kujibu ujumbe wa simu, au kuwaza maswali watakayoulizwa, na baada ya miaka miwili wanajua sehemu ya mwenzao kwa jina la jumla tu, "lishe". Mtu akijua tu jina la jumla, hana namna ya kumkaribisha mwenzake ila kwa jina hilo. Huenda kaka yako hajawahi kulisikia lile beseni kwa masikio yake. Huenda pia, kwa malezi yake, maneno mafupi na ya kawaida kwa dada yake ni unyenyekevu, na kumsifu mbele za watu kungekuwa kujigamba. Sijui, nawe pengine hujui, kwa kuwa hamjaulizana.

Umeuliza kuhusu kutambulishwa kwa cheo na elimu. Naelewa kwa nini, hasa baada ya kicheko kile cha mama lishe. Cheo kitajwe, kwa ukamilifu na kwa usahihi, "Afisa Lishe" pamoja na jina lako, na kama yeye anaitwa "mtaalamu" au "afisa", wewe usibaki "dada yangu" peke yake. Zaidi ya hapo, niwe mwangalifu kidogo. Miaka mingi iliyopita, katika semina moja mkoani Singida, nilimtambulisha mwenzangu kwa karibu dakika tatu, shahada zake, vyuo, nchi alizosomea. Nilidhani namjengea kiti. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa kuomba radhi kwamba mambo aliyokuja kusema ni ya kawaida tu. Elimu yake ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa jibu la swali lolote ambalo watu wale walikuwa nalo wakati huo. Tangu hapo nachagua sifa moja tu ya mwenzangu, ile inayogusa swali lililo mezani. Kwa lile beseni, kwamba wewe unaingia jikoni mwa watu na umeliona kwa macho ni sifa yenye uzito kuliko shahada.

Niionyeshe kwa mfano, nikichukua mada yenu ilivyo. Maneno ya kupokezana yanayofanya kazi huwa na hatua tatu zinazofuatana. Kwanza, anayeondoka anataja swali ambalo maneno yake mwenyewe yamelizaa. Pili, anakiri waziwazi kwamba yeye si wa kulijibu. Tatu, anataja jambo moja linalomfanya mwenzake awe wa kulijibu, na jina likaja mwisho kabisa. Hebu msikie kaka yako akiwa amemaliza kuchambua:

"Sasa gunia lenu lina mahindi mazuri, na pembeni mna beseni la yale mliyoyakataa. Mimi kazi yangu inaishia kwenye gunia. Hilo beseni linakwenda wapi, na linamfanya nini anayelila? Kati yetu wawili, anayeingia jikoni na kulikuta ni Afisa Lishe wetu," na hapo jina lako.

Ukisoma kwa sauti kwa mwendo wa ukumbini, haizidi nusu dakika. Angalia kwamba hakuna sifa hata moja ya kupamba, na hata hivyo mtu aliyekuwa anafunga daftari atalifungua, kwa sababu yeye mwenyewe ana beseni nyumbani. Kukiri "kazi yangu inaishia kwenye gunia" hakumshushi kaka yako. Nimeona mara nyingi kwamba mtaalamu anayeonyesha mpaka wa ujuzi wake huaminiwa zaidi katika yale aliyo ndani ya mpaka. Jina linakaa mwisho kwa sababu mbili. Watu hupiga makofi au hugeuza macho wanaposikia jina, kwa hiyo lolote litakalosemwa baada yake litapotea, na wewe nawe unajua kwamba ukisikia jina ndiyo zamu yako, bila kutazamana kwa wasiwasi.

Nusu ya pili ya kupokezana ni yako, na hapo, dada yangu, ndipo zile dakika tatu zilipokwenda. Ukikaribishwa kwa swali, lijibu katika sentensi yako ya kwanza. Usisalimie upya, usirudie itifaki, usijitambulishe, kwa kuwa salamu na itifaki vilifanywa mwanzoni kwa niaba yenu wawili. Simama, tulia kwa pumzi moja, kisha useme: "Hilo beseni nililikuta limefunikwa kwa kitambaa, na mama mwenye nyumba akaniambia ni la kusagia uji." Ukumbi mzima utakuwa mikononi mwako kabla hujasema wewe ni nani, na hawatajiuliza tena wewe ni nani. Lieleze kama lilivyokuwa hasa, kwa maana jambo lililoonekana kwa macho lina namna yake ya kusikika, ila usitaje kijiji wala nyumba.

Wewe nawe una deni la kumkaribisha yeye kwa namna hiyo hiyo. Umewaomba wasile kilichokataliwa, na mama mmoja atawaza moyoni kwamba mahindi aliyaingiza ndani yakiwa mazuri baada ya mavuno, na mvua zilipoanza akayakuta na ukungu. Mwambie kwa niaba yake: "Najua ukungu ule unamfanya nini mtoto, lakini umepenyaje ndani ya ghala lililofungwa, mimi siwezi kuwaambia. Aliyefungua maghala mengi ya wilaya hii na kupima unyevu wa punje kwa mikono yake ni Ndugu" fulani. Naye aanze papo hapo na chupa. Pengine anayo tayari, chupa ya kioo iliyo kavu, yenye chumvi kavu na mahindi, inayotikiswa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi mno kuhifadhiwa, na kama hainati, yanakaribia ukavu unaotakiwa, ambao kwa kipimo cha mashine ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Akiingia na chupa mkononi, ataonekana wa lazima bila wewe kumwita mwalimu wako.

Utaona kwamba mfano huu tayari umebadilisha mpango wa dakika zenu. Ukibaki na dakika 25 zake kisha 15 zako, kuna kupokezana mara moja tu, na hata kukiwa kuzuri, msikilizaji anakuwa ameshazoea uso mmoja kwa muda mrefu mno. Mnaweza kufikiria vipande vinne: yeye kuanzia kuvuna hadi kuchambua, kama dakika 11; wewe beseni, dakika 9; yeye ghala na karanga, dakika 9; wewe uji wa mtoto, dakika 9; na dakika mbili zilizobaki ni za kufungua na za kupokezana mara tatu. Kupokezana kwa tatu ndiko ninakokupenda zaidi. Atakuwa amewaambia kwamba karanga ziingie ghalani zikiwa na unyevu wa karibu asilimia 7, na wapo watakaoona ni afadhali kuziacha kabisa. Hapo aseme: "Najua kuna mtu anawaza, basi tuache karanga. Kabla hajaamua, amsikilize anayejua mtoto wa miezi minane anapungukiwa na nini akinyimwa karanga." Hakuna anayefunga daftari hapo.

Mpango huu una hasara zake, nami sitakuficha. Kila kupokezana ni nafasi ya kupoteza muda na ya kukosea, na mkizidi mara tatu au nne katika dakika 40, watu huanza kuwahesabu ninyi badala ya kuwasikiliza. Kaka yako anaweza kuona kwamba anakatwakatwa, hasa kama amezoea kujenga hoja yake polepole hadi mwisho. Na akizidisha dakika tatu katika kipande cha kwanza, kipande chenu cha nne ndicho kitakacholiwa, nacho ni chako. Ndiyo maana kila kukaribishana kuwe na umbo refu na umbo fupi. Fupi ni sentensi moja tu, "Hilo beseni linakwenda wapi? Afisa Lishe wetu" na jina. Muda ukibana, mnapunguza maneno mengine, lakini swali halikatwi.

Umetaja pia kuomba kila mmoja apewe kipindi chake. Ni njia halali, na ina utulivu wake, kwa sababu utakuwa na dakika zako na utambulisho wako kutoka kwa mshereheshaji. Ninachokihofia ni kwamba gunia litasemwa saa nne na beseni saa nane, na katikati watu watakuwa wamekula, na baadhi wameondoka. Wewe unawajua watu hao kuliko mimi, pima mwenyewe. Njia nyingine ni kutomwambia lolote na kubadili upande wako pekee, yaani umkaribishe yeye kwa swali, na hata akikukaribisha "umalizie", uanze moja kwa moja na beseni. Hiyo haihitaji ruhusa ya mtu, na watu wengine hujifunza kwa kuona. Lakini inaweza pia kuchukua miaka, na huenda uchungu uliouandika katika barua hii ukaendelea kukua huku ukisubiri aone.

Ukichagua kumwambia, fikiria utaanzia wapi. Ukianza na kicheko cha mama lishe, atasikia lawama, na mtu mzima aliyelaumiwa hujitetea kwanza. Sisemi usimwambie kamwe kwamba kile kicheko kilikuumiza. Una haki ya kumwambia, na huenda yeye ndiye wa kwanza kutaka kujua. Nauliza tu kama hilo liwe la kwanza. Unaweza kwenda naye kwenye mada: "Kaka, nimekuwa nikiwaza kuhusu yale mahindi tunayowaambia wayachambue. Nyumbani yanaliwa. Naomba tukae nusu saa tuone tutayasemaje pamoja." Ukimsimulia beseni, na likamgusa kama lilivyonigusa mimi, yeye mwenyewe atahitaji kukuuliza swali lile, na utakuwa umepata maneno yake ya kukukaribisha kutoka kinywani mwake. Yaandike hapo hapo, kama alivyoyasema, kwa kuwa maneno ya mtu mwenyewe hayamshindi ulimi. Ukimwandikia wewe, atayasoma kama tangazo.

Kuna mambo madogo ya ukumbini ambayo yanaweza kuharibu yote haya. Anayeondoka asiondoke akiwa bado anazungumza, wala asiweke kipaza sauti mezani ili mwenzake akiokote. Amtazame, amngoje afike, amkabidhi mkononi, kisha aende kuketi mahali ambapo watu bado wanamwona. Akiwa ameketi, asikilize kwa uso, kwa sababu ukumbi hutazama aliyetoka kuzungumza ili ujue kama anayezungumza sasa anafaa kusikilizwa. Slaidi ya anayeingia iwe imeshafunguliwa wakati wa kukaribisha, ili pasiwe na kuhangaika na rimoti. Na mshereheshaji mwandikieni kikaratasi chenye sentensi moja inayowataja wote wawili kwa majina na vyeo vyenu, kwa mpangilio mmoja, kwa maana asipokipata atasema "mtaalamu wetu na mwenzake", na mtakuwa mmeshaanza vibaya kabla hamjasimama.

Kwenye mazoezi, hamhitaji kurudia dakika zote 40. Chukueni dakika ya mwisho ya kila kipande na dakika ya kwanza ya kinachofuata, mara tatu, mkiwa mmesimama, mjirekodi kwa simu. Mkisikiliza, tegeni sikio kwa maneno "kumalizia", "kuongezea" na "kidogo", hata kwako, maana ulimi huyarudia wenyewe ukichoka.

Kisha kuna maswali, ambako mpangilio wa jina hugeuka. Mama akimuuliza kaka yako mtoto aanze lini kula, yeye asijibu, hata kama analijua jibu, na aanze kwa jina lako, ndipo alirudie swali: "Afisa Lishe, mama anauliza mtoto aanze lini kula." Jina likitangulia, wewe unapata zile sekunde za kulisikia swali ukijua ni lako, nawe utakuwa umesimama anapomaliza. Wewe mfanyie vivyo hivyo likija la turubai la kukaushia au la mifuko ya kuhifadhia. Kubalianeni hilo mapema, pamoja na ishara ndogo ya mkono kwa yule anayetaka kusema jambo baada ya mwenzake, na asiseme ila pale ambapo kuna kosa la hatari linalohitaji kusahihishwa.

Niandikie baada ya hizo wiki sita, dada yangu. Ningependa hasa kujua kaka yako alisema nini siku uliyomsimulia habari ya beseni.